Nampenda rafiki yangu kupita kawaida: je, mimi ni gei?

Swali

Shikamoo mshauri. Mimi ni mvulana wa miaka 16. Nina rafiki yangu wa kiume, tumekua pamoja, hakuna jambo langu asilolijua. Tangu mwaka huu uanze namuwaza kupita kiasi. Akinitumia ujumbe moyo unanienda mbio. Juzi alianza kuwa karibu na msichana fulani, nikanuna hadi nikakaa siku mbili bila kumjibu. Lakini mwaka jana nilimpenda msichana, na najua yale hayakuwa maigizo. Nimefanya majaribio ya mtandaoni, kila moja linasema lake. Je, mimi ni gei, au ni wale wanaovutiwa na jinsia zote mbili, au nimechanganyikiwa tu? Sijamwambia mtu.

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Kwa haya uliyoniandikia, hakuna mtu awezaye kukuambia kwamba wewe ni gei, wala kwamba si gei, na yeyote atakayekupa jibu la mkato anabahatisha. Mtu mmoja, hata awe amekushika moyo namna gani, hatoshi kuonyesha mwelekeo wako wa kimapenzi. Mwelekeo huonekana katika mwenendo wa muda mrefu: ni watu wa aina gani wanaokuvuta, tena na tena, hata usipotaka. Wewe kwa sasa unao wawili tu, yule msichana na rafiki yako, na kila mmoja anakuvuta upande wake. Linalowezekana leo ni kuzifumua hizo hisia moja moja, uone ipi ni ya urafiki, ipi imeletwa na hofu, na ipi huenda ni mapenzi kweli.

Tuanze na wivu, maana naona ndio uliokutisha kuliko yote. Wivu wa mapenzi na wivu wa urafiki hufanana sana ukivitazama kwa nje. Kifua hubana, unachungulia simu kila dakika, na unamchukia mtu ambaye hajakukosea lolote. Tofauti iko katika kile unachoogopa kukikosa. Jiulize hivi: kama rafiki yako angeanza kushinda na mvulana mwingine, wakicheka utani ambao zamani ulikuwa wenu wawili, ingekuuma vilevile? Ikiwa ingekuuma vilevile, sehemu kubwa ya maumivu yako ni ya mtu anayeona kiti chake kinakaliwa na mwingine, na hilo huwapata marafiki wa kila aina katika umri wenu.

Kisha ligeuze swali. Tuseme huyo msichana anabaki naye, lakini rafiki yako anarudi kuwa nawe vilevile kama zamani, muda uleule, siri zilezile. Ungetosheka? Au bado kungekuwa na kitu anachopata yule msichana ambacho nawe unakitamani: kuitwa wake, kushikwa mkono, kutazamwa kwa jicho lile? Anayejibu kwamba angetosheka na anayejibu kwamba asingetosheka wako katika hali mbili tofauti, ingawa wote wawili walinuna siku mbili. Usilijibu swali hili kwa pupa. Lijibu siku ambayo huna hasira naye.

Kuna jambo la umri pia. Mwanasaikolojia wa Marekani, Niobe Way, amewahoji wavulana wanaobalehe kwa miaka mingi, akiwafuatilia wanavyokua. Wale wa miaka 14 na 15 walizungumza kuhusu marafiki zao wa kiume kwa maneno mazito ya upendo, bila aibu: kwamba humweleza rafiki kila kitu, kwamba bila yeye wasingejua la kufanya. Kadiri walivyosogelea mwisho wa ujana, wengi walianza kujitenga, wakiogopa wasije wakaonekana watoto, au wa kike, au magei. Wengi wao waliendelea kuutamani ukaribu uleule, ila sasa walikuwa wamejifunza kuutilia shaka. Wewe una miaka 16. Umeingia katika wakati ambapo mvulana huanza kujiuliza, kwa mara ya kwanza, kama anaruhusiwa kumpenda rafiki yake kiasi hiki. Hilo halithibitishi kwamba hisia zako ni za urafiki tu, lakini lazima lipigiwe hesabu kabla hujazipa jina lingine.

Sasa tuje kwenye moyo kwenda mbio. Mwaka 1974 wanasaikolojia Donald Dutton na Arthur Aron walifanya jaribio nchini Kanada kwenye daraja jembamba linaloning'inia juu ya bonde refu. Wanaume waliolivuka walikutana na mwanamke aliyewauliza maswali kadhaa kisha akawapa namba yake ya simu. Wanaume wengine walikutana na mwanamke kwenye daraja imara, lisiloyumba. Waliotoka kwenye daraja la kutisha ndio waliompigia simu zaidi. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba mwili ulikuwa umeshtuka kwa hofu ya kuanguka, na akili, ikitafuta sababu ya mshtuko huo, ikaubandika kwa mtu aliyekuwa mbele yao.

Naleta habari hii kwa sababu moyo wako haujui kutofautisha hofu na hamu, na wewe kwa sasa una hofu nyingi. Tangu ulipoanza kujiuliza "je, mimi ni nani?", kila ujumbe wa rafiki yako unakuja na swali hilo mgongoni. Moyo ungeenda mbio hata kama ni wasiwasi mtupu. Chunguza kinachofuata mara tu baada ya mshtuko. Je, unatabasamu na kutamani kumjibu, ukisahau kila kitu kwa muda? Au unarukia kujikagua: "Nimesikia nini? Kwa nini nimesikia? Ina maana gani?" La kwanza lina harufu ya mapenzi, ingawa hata urafiki mzito unaweza kulileta. La pili ni wasiwasi, na wasiwasi ni shahidi mbaya kuhusu mapenzi.

Ukishaondoa wivu wa kiti na mapigo ya hofu, huenda kikabaki kitu. Wengi hudhani kwamba kitakachobaki, kama ni mapenzi, basi tayari kimeshajibu swali. Si hivyo. Lisa Diamond, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefuatilia mambo haya kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2003 kwamba kumpenda mtu kwa moyo na kuvutiwa naye kimwili ni mifumo miwili. Mara nyingi hufuatana, lakini kila mmoja una njia yake. Upendo wa moyo hujengwa na muda wa pamoja, kuaminiana, kufarijiana. Ndiyo maana mtu anaweza kuzama katika upendo kwa mtu mmoja wa jinsia ambayo kwa kawaida haimvuti hata kidogo, akamuwaza usiku na mchana, akamwonea wivu, na bado mwelekeo wake wa kawaida usibadilike. Na ndiyo maana mwingine huanzia pale pale, kwa rafiki wa karibu, kisha akagundua kwamba rafiki alikuwa wa kwanza tu kati ya wengi. Mwanzo unaweza kufanana kabisa. Nikupe mfano wa vijana wawili niliowahi kuzungumza nao. Nimebadilisha yale ambayo yangewatambulisha.

Wa kwanza alikuwa na miaka 17. Barua yake ingeweza kuandikwa na wewe: kumuwaza rafiki, wivu, usingizi kupotea. Nilipomuuliza hali hiyo ilianza lini, akasema baada ya msiba wa baba yake. Rafiki huyo ndiye mtu wa pekee ambaye kijana huyu aliwahi kulia mbele yake. Nikamuuliza anapomuwaza huona nini. Akasema huwaona wamekaa, wanazungumza, na rafiki anamwambia kwamba hataondoka. Hakuona zaidi ya hapo, na hakukuwa na mvulana mwingine aliyewahi kumvuta, kabla wala baadaye. Familia ya rafiki ilipohama aliteseka kweli kweli miezi kadhaa, kisha yale mawazo yakapoa, upendo ukabaki. Baadaye alipenda wasichana kama alivyokuwa akiwapenda. Hakuwa amejidanganya alipompenda rafiki yake. Alimpenda, ila penzi hilo lilikuwa na mzizi wake katika msiba.

Wa pili alikuwa na miaka 16. Naye alinijia na rafiki mmoja tu. Lakini nilipomuuliza kama kuna wakati mwingine aliwahi kujisikia hivyo, akanyamaza, kisha akamkumbuka mvulana aliyekuwa akisoma naye wakiwa na miaka 12, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akipanga njia ndefu ya kurudi nyumbani ili apite naye. Akamkumbuka mwingine, kijana wa jirani, ambaye hata hawakuwa marafiki. Wasichana aliwaona wazuri, akawasifia mbele ya wenzake, na aliwahi kuwa na mmoja, lakini alivyoeleza mwenyewe, ilikuwa kama kumaliza kazi aliyopewa. Alipowaza maisha ya baadaye, nyumbani kwake kulikuwa na mwanaume. Huyu hakuhitaji kuambiwa na mimi. Miaka miwili baadaye alijiita gei kwa utulivu, na rafiki yule wa mwanzo hakuwa tena sehemu ya hadithi.

Unaona nilichokuwa natafuta kwa wote wawili? Niliuliza kama hisia ilijirudia kwa zaidi ya mtu mmoja, hasa kwa watu ambao hawakuwa karibu nao, kwa sababu huko urafiki hauwezi kuwa ndio maelezo. Niliuliza mawazo yanapokuja yenyewe yanaelekea wapi. Na niliuliza yalianza lini, baada ya nini. Hayo unaweza kujiuliza mwenyewe bila kumwambia mtu, na huna haja ya kuyamaliza wiki hii.

Turudi kwa msichana wako wa mwaka jana. Wengi hudhani lazima mmoja kati ya wawili awe wa uongo: ama yule msichana alikuwa kificho, ama rafiki ni kuchanganyikiwa. Kila mmoja aweza kuwa kweli. Tangu mwaka 1948 mtafiti Alfred Kinsey alipochapisha kipimo chake cha ngazi kuanzia 0, anayevutiwa na jinsia nyingine tu, hadi 6, anayevutiwa na jinsia yake tu, wataalamu wamezoea kuona kwamba wapo watu wengi wasiosimama kwenye ncha hizo mbili. Na kuvutiwa na jinsia zote mbili hakumaanishi nusu kwa nusu. Mtu anaweza kuvutiwa na wasichana mara nyingi na wavulana mara chache. Anaweza kuvutiwa na mmoja kwa haraka na mwingine polepole, baada ya kumzoea sana. Anaweza kukaa miaka bila kusikia upande mmoja. Mtu wa aina hiyo hufika kwangu akiwa amechoka kuliko wengine, kwa kuwa kila anapompenda msichana hujiambia "kumbe nilikuwa najisumbua", na kila anapomwona mvulana fulani hujiambia "kumbe nilikuwa najidanganya". Kama baada ya miaka utaona kwamba mvuto unarudi kutoka pande zote mbili, hiyo ndiyo hali yenyewe. Usiihesabu kuwa kituo cha kusubiria.

Kumbuka pia kwamba kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya: unavutiwa na nani, umefanya nini, na unajiita nani. Watafiti huyapima kila moja peke yake, kwa sababu kwa watu wengi hayalingani. Kuwa umetoka na msichana hakufuti mvuto kwa mvulana. Kuvutiwa hakukulazimishi kufanya lolote. Na jina ni la kuchagua mwenyewe, wakati wako ukifika, au kutolichagua kabisa.

Majaribio ya mtandaoni uyaache. Mengi hupata jibu kutokana na maswali kama rangi uipendayo au namna unavyokaa, mambo yasiyohusiana na mvuto. Lakini sababu yangu kubwa ni nyingine. Kila unapofanya jaribio unapata nafuu ya dakika chache, kisha shaka inarudi ikiwa na njaa zaidi, unatafuta jaribio lingine. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia watu wasimuwaze dubu mweupe kwa dakika 5, na wapige kengele kila akija akilini. Kengele zililia. Mbaya zaidi, waliporuhusiwa kumuwaza, walimuwaza kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Ukijikataza kumuwaza rafiki yako utamuwaza zaidi. Na ukijikagua mchana kutwa, ukimtazama kila mvulana anayepita ili uone kama umesikia kitu, utasikia kitu, kwa sababu mwili unaochunguzwa kila saa haukosi la kuonyesha.

Kwa vijana wachache ukaguzi huu unageuka kuwa maradhi ya wasiwasi: wanatumia saa nyingi kila siku wakijikagua, wanawakwepa marafiki, wanatafuta uhakika kwa watu tena na tena na hauwatoshi. Dalili mojawapo ni kwamba mawazo hayo hayana utamu wowote ndani yake, ni kero na hofu tu. Hayo yana tiba mahususi kwa mwanasaikolojia, na kinachotibiwa huwa ni wasiwasi, si mwelekeo. Sioni hilo kwenye barua yako, maana umeandika kuhusu rafiki yako kwa upendo. Nataja ili ulitambue likija. Kwa sasa fanya hivi: swali likikujia, liambie umelisikia, kisha endelea na ulichokuwa ukifanya bila kulijibu. Ukitaka kuandika, andika mara moja kwa wiki mahali ambapo hakuna wa kusoma, yale yaliyotokea tu, bila hukumu.

Huenda ukajiona uko peke yako katika kutojua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992, uliowauliza wanafunzi zaidi ya 34,000 wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, ulikuta kwamba miongoni mwa wenye miaka 12, karibu asilimia 26 walisema hawana uhakika kuhusu mwelekeo wao. Kwa wenye miaka 18 walikuwa asilimia 5. Zisome takwimu hizi kwa uangalifu. Hazisemi kwamba walioondokewa na shaka wote waligeuka kuwapenda wasichana au wavulana. Zinasema tu kwamba kutojua hupungua kadiri umri unavyosogea, bila kulazimishwa. Na wapo wanaojua wakiwa na miaka 10, na wapo wanaojua wakiwa na miaka 40.

Jibu lolote litakalokuja, si ugonjwa. Chama cha wataalamu wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha yake ya magonjwa mwaka 1973, na Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo mwaka 1990. Rafiki yako hajakuambukiza, wala malezi hayakukuharibu. Mtu akikuahidi kukubadilisha, kwa dawa, kwa vikao au kwa mateso, mkimbie. Juhudi hizo hazijaonyeshwa kufanya kazi, na vijana wanaopitishwa humo huumia.

Kuhusu kumwambia rafiki yako, ningekushauri usimwambie kwanza, na sababu si aibu. Ukimwambia leo utamkabidhi swali ambalo wewe mwenyewe hujalijibu, naye atalazimika kulijibu kwa niaba yako: atakukwepa, au atakuhurumia, au atamsimulia huyo msichana. Linaloweza kusemwa sasa ni lile la hakika, kwamba ulinuna kwa kuwa ulihisi umesahaulika, na unaomba radhi kwa ukimya wako. Hilo ni kweli, na halikufungi popote. Jambo lolote zito zaidi usiliandike kwenye simu. Maandishi hupigwa picha na kusambaa, na yapo mahali ambapo sheria au familia hufanya jambo kama hili kuwa la hatari kweli, ya kupigwa, kufukuzwa nyumbani au kushtakiwa. Kukaa kimya mahali kama hapo ni kujilinda, na hakukufanyi mwongo.

Hata hivyo usibaki peke yako na mzigo huu kabisa, hasa ukiona usingizi umekatika wiki kadhaa, chakula hakishuki, au mawazo ya kujidhuru yanakupitia. Hayo ya mwisho hayasubiri: mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo kwamba unafikiria kujiumiza. Huna haja ya kueleza kwa nini ili upate msaada.

Kwa mengine, chagua mtu mzima mmoja, shangazi, mjomba, mwalimu au mnasihi, na umpime kabla hujajifungua. Taja habari ya mtu wa mbali asiyemfahamu: "Nimesoma kuhusu kijana aliyewaambia wazazi wake kwamba anampenda mvulana mwenzake, wakamfukuza." Kisha nyamaza umsikilize. Akimcheka kijana huyo au kusifia waliomfukuza, umeshajua, geuza mazungumzo, hujapoteza kitu. Akiuliza "sasa huyo mtoto analala wapi?", huyo unaweza kurudi kwake siku nyingine, na kabla ya yote umuulize kama anaweza kutunza siri, hata kwa wazazi wako.